Baada ya kumfokea mtoto, zawadi haisaidii

"Nikitoka kazini nimechoka, kitu kidogo tu nalipuka kwa watoto au kwa mke wangu. Baadaye najuta, nawaletea zawadi, lakini bado wananikwepa. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, mimi ni mke niliyeishi na hali hiyo kwa upande wa pili, kwa hiyo nikuambie jinsi inavyoonekana kutoka huku.

Zawadi ndiyo inayokukwamisha. Mtoto mdogo akifokewa huamini kwamba yeye ndiye mbaya, na zawadi isiyo na maneno haimtoi kwenye imani hiyo.

Jioni moja mwanetu wa miaka 6 aliangusha kikombe, maji yakamwagikia karatasi za baba yake. Mume wangu alifoka mpaka mtoto akajibanza nyuma ya mlango. Nilichokipenda ni kwamba hakukimbilia kuomba radhi palepale. Moyo ukiwa bado unadunda na meno umeyakaza, hata "samahani" hutoka kama karipio. Alisema, "Nimekasirika, natoka nje kutulia, nitarudi," akatoka kama nusu saa. Kusema utarudi ni muhimu, maana ukiondoka kimya mtoto huona umemtupa. Na huko nje usikae ukirudia kichwani ulivyokosewa, hasira haitashuka.

Aliporudi alikaa sakafuni, macho yakawa sawa na ya mtoto. "Nimekufokea sana. Wewe ulimwaga maji kwa bahati mbaya. Hasira niliyokuwa nayo ilitoka kazini, haikuwa yako. Samahani." Akaishia hapo, bila "lakini na wewe uwe makini". Mtoto hakujibu, alichezea kidole cha mguu. Baba hakudai kukumbatiwa wala kuambiwa amesamehewa. Ni wakati wa kulala ndipo mtoto alipouliza, "Baba, kwani kazini na wewe walikufokea?" Habari ya kuweka vikombe mbali na karatasi ilisubiri kesho yake.

Kwa mkeo mambo ni tofauti kidogo. Yeye atataka kusema alivyoumia, na hapo kazi yako ni kusikiliza bila kujitetea, hata akitaja ya mwezi uliopita. Kama ulimfokea mbele ya watoto, mwombe radhi mbele yao pia, kwa sababu walichoona ni ugomvi tu.

Ila kama unapiga au unarusha vitu, au nyumba nzima inanyamaza ikisikia hatua zako, usitegemee maneno haya. Tafuta mshauri wa familia mapema, na mkeo na watoto wakihitaji kukaa kwingine kwa usalama wao, usiwazuie.

Kwetu kilichopunguza milipuko yenyewe ni ujumbe mfupi wa simu kabla hajafika: "Leo kumekuwa kugumu, nipe dakika kumi." Akiingia anaoga kwanza, na mimi nawaambia watoto wasubiri kidogo kumpelekea madaftari.