Asilimia 25 ya nini? Muulize kabla hujamtumia pesa

"Nauza mabegi mtandaoni, niko Mombasa. Wageni 4,000 kwa mwezi, oda 80. Jamaa anataka 20,000 kila mwezi, aniongezee wanaonunua kwa asilimia 25. Nimkubalie?"

Usitume hata shilingi, ngoja kwanza!

Mimi nauza madera. Nilikuwa na wageni 5,000 kwa mwezi, oda 100, yaani asilimia 2. Akanijia mtaalamu wa slaidi, manukato yanamtangulia mlangoni: "Nitakupandishia kwa asilimia 10." Kichwani mwangu 2 jumlisha 10 ni 12, yaani oda 600. Nikaenda Biashara Street nikachukua madera 500 kwa deni.

Kumbe asilimia 10 yake ilikuwa ya ile 2. Asilimia 10 ya 2 ni 0.2, kwa hiyo ninafika 2.2, oda 110. Oda kumi za ziada! Alijua nimeelewa vingine, maana nilimtajia hizo 600 na yeye akatabasamu tu akinywa chai yangu. Madera yale mpaka leo yanavaliwa na mawifi zangu wote. Ukiona harusi Kisauni ukoo mzima uko sare, usidhani tumepanga.

Halafu piga hesabu ya faida, si ya bei. Dera nauza 1,200, zikishatoka za mwenye mali na za bodaboda nabaki na 300. Oda kumi ni 3,000. Yeye nilikuwa namlipa 15,000 kwa mwezi. Ili nirudishe ada yake tu nilihitaji oda 50 za ziada, yaani kutoka asilimia 2 hadi 3. Hiyo kwa lugha yake ni ongezeko la asilimia 50, na hakuwahi kuniahidi hilo.

Na hizo 110 zilipokuja, akadai ni kazi yake. Nikafungua daftari: kabla hajaja nilishawahi kupata 112, na mwezi uliofuata, yeye yupo, zikawa 97. Duka la oda 100 hupanda na kushuka kwa kumi hivi lenyewe, bila mtu kugusa kitu. Mwezi mmoja hauthibitishi chochote.

Sasa wewe. Asilimia 25 ya oda 80 ni oda 20. Ada ni 20,000. Kila begi la ziada lazima likuachie 1,000 safi ndipo utoke sare, bado hujapata hata ya chai. Na wale wa kulipa wakipokea, wanaozima simu bodaboda akishavuka feri ya Likoni, usiwahesabu kama oda.

Begi moja linakuachia ngapi? Andika hapa, na umwambie jamaa aandike kwa mkono wake: kutoka oda ngapi hadi oda ngapi.