Usiapdeti iafoni ukiwa safarini

"Apu ya iafoni zangu zisizo na waya imeleta apdeti. Itaongeza besi? Niko kwenye basi la Morogoro, naibonyeza sasa hivi nipoteze muda."

Mkuu, toa kidole hapo!

Mwaka jana nilibonyeza nikiwa kwenye basi hivyohivyo, iafoni ziko masikioni, ya kushoto ina chaji asilimia 18. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Apdeti ikija we bonyeza tu, sauti inapanda." Kuhusu chaji hakutamka neno. Mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, maana mtu anayeuza kitu anatakiwa akijue.

Kwenye iafoni nyingi za aina hii, kila upande una chipu yake na programu yake ya ndani, na pande zote mbili lazima ziwe na toleo moja ndipo zielewane. Faili linapitia Bluetooth, polepole, laweza kuchukua nusu saa. Yangu ya kulia ilimaliza. Ya kushoto ikazima katikati. Baada ya hapo simu ikawa inaonyesha jina lilelile mara mbili, muziki unatoka kulia tu, na apu inagoma kuendelea kwa sababu inataka pande zote mbili ziwepo. Nikafuta jina kwenye orodha ya Bluetooth, nikazirudisha kwenye kasha, nikafanya riseti. Ya kulia iliitika kila mara, lakini ya kushoto haikuwasha hata taa. Nilihangaika siku mbili nzima, mwisho nikanunua jozi nyingine.

Na hiyo besi unayoifuata huenda usiione. Apdeti haibadilishi spika iliyomo ndani. Inachoweza kugusa ni namna sauti inavyopangwa na namna kelele za nje zinavyozuiwa, na besi inaweza hata kupungua. Ikipungua, apu nyingi hazikuruhusu kurudi toleo la zamani. Besi ipandishe kwenye ikwalaiza ya apu hiyohiyo, huhitaji apdeti yoyote. Kuna wanaolalamika sauti imekuwa nyembamba baada ya apdeti, kumbe riseti imefuta ikwalaiza yao, au LDAC, ile njia ya kutuma sauti ya ubora wa juu kwa Bluetooth, imezimika kwenye mipangilio ya simu.

Kwa hiyo soma kwanza maelezo ya apdeti. Kama hayataji tatizo ulilo nalo wewe, mfano simu kukatika au upande mmoja kupotea, iache. Kama yanalitaja, subiri ufike. Chaji pande zote mbili pamoja na kasha mpaka zijae, piga picha ya ikwalaiza yako, weka simu pembeni ya iafoni, zima Bluetooth ya kompyuta au simu nyingine iliyowahi kuziunganisha, kisha usiguse kitu mpaka apu iseme imemaliza pande zote mbili.

Umeshabonyeza au bado? Nijibu, hizo za kwako zina chaji asilimia ngapi?