Umeacha sigara na usingizi umekimbia: angalia kwanza kikombe chako cha kahawa

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Nilivuta sigara miaka 16, pakiti moja kwa siku, na ya mwisho ya siku nilikuwa naivuta saa nne usiku kwenye ngazi za uani, kisha naingia kulala. Niliamini kabisa kwamba ile ndiyo iliyokuwa ikinilaza. Nilipoacha, usiku wa nne nilikuwa macho hadi nikasikia adhana ya alfajiri, moyo unapiga kama nimekimbia, na nikajiambia: basi, mwili wangu hauwezi kulala bila sigara. Kwa fikra hiyo hiyo nilikuwa nimeshindwa mara mbili huko nyuma. Safari hii shemeji yangu, ambaye ni muuguzi, alinieleza mambo mawili, na ndiyo ninayotaka kukueleza wewe unayejigeuza kitandani usiku huu.

La kwanza ni kwamba sigara haikuwa ikinilaza. Nikotini ni kichangamshi. Ukivuta, ndani ya sekunde chache inafika kwenye ubongo, mwili unamwaga adrenalini, mapigo ya moyo yanapanda na shinikizo la damu linapanda. Mvutaji kwa kawaida huchelewa kupata usingizi kuliko asiyevuta, na usingizi wake mzito, ule wa kuamka ukiwa umepumzika kweli, huwa mchache zaidi. Mbona basi tunahisi imetutuliza? Kwa sababu tayari tulikuwa na arosto. Tangu sigara ya baada ya chakula cha jioni nikotini ilikuwa ikishuka, tukaanza kukosa raha, na ile ya saa nne ikaondoa hiyo karaha. Nafuu tuliyoipata tukaiita usingizi.

Sasa fuata saa. Nikotini kwenye damu hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ile niliyoivuta saa nne usiku, saa sita imebaki nusu, saa nane imebaki robo, saa kumi alfajiri imebaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo mwanzo wa usiku nilikuwa na kichangamshi mwilini, na mwisho wa usiku nilikuwa na arosto. Miaka yote ile nilikuwa nashtuka kati ya saa tisa na saa kumi, nikidhani ni mbu, au joto, au madeni. Kumbe ubongo ulikuwa unadai. Na sigara ya kwanza asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, ilikuwa ni kulipa deni la usiku.

Ukiacha, hiyo arosto ya alfajiri inakuwa ya usiku kucha. Ubongo wa mvutaji umejiongezea vipokezi vya nikotini kwa sababu umezoea kuipata kila saa, na siku unapoacha vipokezi hivyo havipotei siku hiyo hiyo. Vinahitaji majuma kadhaa kurudi katika hali ya kawaida. Ndiyo maana juma la kwanza ndilo baya zaidi, unalala vipande vipande, na ndoto zinakuwa wazi mno. Mimi niliota navuta, nikaamka na majonzi ya kweli nikiamini nimevunja ahadi, hadi nikanusa vidole vyangu gizani. Ndoto hizo ni za kawaida sana kwa walioacha. Kwa watu wengi hali ya usingizi inaanza kutulia kati ya juma la pili na la nne.

La pili ndilo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu, na kwangu lilikuwa na uzito kuliko la kwanza. Ni kahawa.

Moshi wa sigara, hasa ile lami iliyomo ndani yake na si nikotini, hulichochea ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya kinachovunja kafeini. Mvutaji anaiondoa kafeini mwilini haraka sana. Ndiyo maana nilikuwa naweza kukaa barazani baada ya sala ya isha, nikanywa vikombe vitatu vya kahawa chungu na kashata, na bado nikasinzia. Ukiacha kuvuta, ini linapunguza kasi ndani ya siku chache tu. Kahawa ni ile ile, vikombe ni vile vile, lakini kafeini kwenye damu inaweza kufika mara mbili ya ilivyokuwa. Ukivinywa vikombe vitatu ni kama umekunywa sita, na unavibeba hadi usiku wa manane.

Tazama jinsi dalili zinavyofanana: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, wasiwasi, kukosa usingizi. Ni za kahawa iliyozidi, na ni zile zile unazozisingizia sigara uliyoiacha. Mtu anarudi kuvuta, ini linachangamka tena, anatulia, na anaamini amethibitisha kwamba hawezi kuacha.

Shemeji aliniambia nikate kahawa angalau nusu. Asubuhi kikombe kimoja badala ya viwili, jioni hakuna kabisa, na baada ya saa sita mchana nisiguse kahawa wala chai ya rangi iliyokolea, wala vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Barazani niliendelea kwenda, maana sikutaka kupoteza watu wangu, ila nilibeba tangawizi yangu kwenye chupa. Siku mbili za mwanzo kichwa kiliniuma, kwa hiyo nakushauri wewe uanze kupunguza siku chache kabla ya siku ya kuacha. Usiku wa saba nililala saa tano mfululizo. Usiku wa kumi na mbili nikaharibu: nilikunywa vikombe viwili kwenye hitima, na nikakesha hadi saa tisa. Hapo ndipo nilipoamini.

Ukiamka katikati ya usiku na usingizi haurudi baada ya dakika kama ishirini, toka kitandani, kaa sehemu nyingine kwenye mwanga hafifu, bila simu, urudi macho yakiwa mazito. Asubuhi amka saa ile ile hata kama umelala vibaya. Usilale mchana kufidia.

Kama unatumia kibandiko cha nikotini, fahamu kwamba kikikaa usiku kucha kinaendelea kuingiza nikotini ukiwa umelala, na kinaweza kuleta ndoto kali. Muulize mfamasia kama unaweza kukibandua wakati wa kulala. Ubaya wake ni kwamba anayeamka na hamu kali sana alfajiri huenda akakihitaji usiku, kwa hiyo haifai kwa kila mtu.

Anayeacha ugoro au kuberi hatapata hili la kahawa, kwa sababu hakuwa akivuta moshi. Arosto ataipata. Na anayemeza dawa za kila siku, hasa theofilini ya pumu, olanzapini au klozapini, amwambie daktari kabla ya kuacha sigara, kwa sababu ini linazivunja kwa njia ile ile ya kafeini na dozi inaweza kuwa kubwa mno kwake ghafla. Usingizi ukiwa bado umevurugika baada ya mwezi, au ukiandamana na huzuni isiyoondoka, nenda hospitali.

Mimi nimefika mwezi wa tano. Kahawa nimeirudisha, kikombe kimoja saa moja asubuhi kabla sijafungua duka, na saa tisa usiku siijui tena.