Jibu: Zuio la pango, mzigo ni wa nani?

> "Wakuu, kodi ya zuio ya 10% kwenye pango la fremu si ni ya mwenye nyumba? Mbona wangu anataka laki tano yake kamili, zuio nijijue?"

Habari mkuu. Kisheria uko sahihi: kodi ni yake, wewe unakata na kuipeleka TRA. Ila sheria haimzuii kupandisha pango, na hapo ndipo mzigo unapohamia kwako.

Kwanza angalia mkataba. Mkataba ukisema pango ni 500,000, kata 50,000, mpe 450,000. Ukisema 500,000 ni "baada ya zuio", usiongeze 50,000 juu: 10% ya 550,000 ni 55,000, naye atabaki na 495,000. Gawanya 500,000 kwa 0.9, upate 555,556. Hilo ndilo pango halisi, na zuio ni 55,556.

Nani anaumia inategemea nani anaweza kuondoka. Mtaa ambao fremu hazikai wazi hata wiki, kama kule Kariakoo, mpangaji ndiye anayebeba. Mimi nilipopangia barabara ya ndani, fremu mbili jirani zilikuwa na makufuli muda mrefu. Mwenye nyumba alinuna, akakubali nikate humo humo kwenye pango lake. Kwa hiyo kabla ya kubishana, zunguka mtaani uhesabu milango iliyofungwa, uulize na bei zake.

Ukishindwa kabisa, andikeni 555,556 kwenye mkataba. Gharama yako ya pango kwenye hesabu za biashara iwe hiyo, siyo 500,000. Cheti cha zuio mpe yeye. Wengi hulainika wakiona ushahidi kwamba kodi yao ya pango imeshalipwa.