Bodi ikileta hasara, je, tunaweza kuishtaki?

"Nina hisa katika kampuni iliyosajiliwa Delaware, Marekani. Bodi ilinunua kiwanda, kikafa. Tuwashtaki wakurugenzi?"

Ndugu, hasara peke yake haitoshi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Delaware ilikataa kuwawajibisha wakurugenzi wa Disney, ingawa rais wa kampuni hiyo, Michael Ovitz, alikuwa ameachishwa kazi baada ya takriban miezi 14 na kuondoka na malipo ya dola milioni 130 hivi, kwa kuwa walitenda kwa nia njema, japo utaratibu wao haukuwa wa kupigiwa mfano. Jaji huupima uamuzi matokeo yakiwa yameshajulikana, na hapo ni rahisi kuona kosa ambalo bodi haikuweza kuliona mapema. Wakurugenzi wakilipishwa kila biashara iliyokwenda mrama, nani atathubutu? Anzeni na kumbukumbu za vikao, mtazame kama kuna aliyekuwa na maslahi kwa muuzaji, au kama bodi iliidhinisha bila kusoma tathmini.