Hizo siku mbili mbili zitaliwa zote, akiba weka mwishoni

“Wakuu, nina mradi wa kazi nne zinazofuatana, bosi anataka tarehe. Nimeongeza siku mbili kwenye kila kazi, itatosha?”

Usitume hiyo ratiba mkuu. Naongea kama mtu aliyeliwa siku zake akiangalia.

Nilikuwa nahamisha rekodi za stoo toka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta: kusafisha rekodi, kuingiza, kuhakiki, kufundisha watumiaji. Kila kazi siku 4, nikaongeza 2, jumla 24. Kuna jamaa anajiita mtaalamu wa ratiba ndo alinishauri “ongeza kidogo kila mahali”, popote alipo namwombea bosi kama wangu. Sasa wa kusafisha alijua ana siku 6, basi tatu za kwanza akafanya mambo yake, alipofungua madaftari akakuta bidhaa moja ina majina matatu tofauti, akamaliza siku ya 8. Wa kuingiza alimaliza kwa siku 4 lakini akaikalia kazi siku mbili nzima anapaka rangi vichwa vya jedwali, maana akikabidhi mapema siku nyingine atapunguziwa muda. Umeona mchezo? Ukichelewa mwenzio anarithi, ukiwahi unaficha. Kuhakiki kukala 8, mafunzo 6, tukamaliza siku ya 28, na mimi ndo nilimwapia bosi 24, nikawa naingia ofisini kwa mlango wa nyuma.

Kila mtu mpe siku 4, akimaliza akabidhi hapohapo, na akizidisha usimfokee, la sivyo ataanza tena kuficha. Akiba yote iwe fungu moja mwishoni, unalishika wewe. Wala huhitaji zile 8, maana si rahisi kazi zote nne ziharibike kwa pamoja: chukua ziada ya kila kazi, izidishe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. 4+4+4+4 ni 16, kipeuo chake cha pili 4. Kwa hiyo 16 na 4, unaahidi siku 20. Ila hesabu hii ni pale ambapo kila kazi ina chanzo chake cha kuchelewa, kama zote zinasubiri saini ya mtu mmoja basi bakiza 8 zote, akisafiri huyo mmekwama wote.

Halafu fungu lilinde. Kazi ya kwanza tu imeisha na nusu ya akiba imeshaondoka, mwambie bosi siku hiyohiyo.

Na hizo siku zako za kila kazi umezitoa wapi? Kuna utafiti wa Buehler, Griffin na Ross, 1994, wanafunzi walikadiria kumaliza tasnifu kwa wastani wa siku 34, wakaambiwa wakadirie mambo yakienda vibaya kabisa wakasema 49, wakatumia 56. Kichwa kinakuchorea njia isiyo na shimo hata moja. Una kumbukumbu ya kazi kama hiyo iliyowahi kufanyika, ilichukua siku ngapi? Anza na hizo.