Mchana aliandika njoo, usiku akanyamaza

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 29, naishi na mwenzangu Tabata mwaka wa pili sasa, ndoa bado ila kwao nishajitambulisha. Jumamosi mchana akiwa kazini tulichati, akaniandikia "leo usichelewe kurudi nimekumiss", nikaelewa. Karudi saa nne usiku kutoka shifti ya famasi kachoka, kala kidogo kalala kageukia ukutani. Nikamsogelea, hakusema kitu, hakunisukuma, nikaendelea. Asubuhi haongei, jioni kaenda kwa dada yake Mbagala na leo siku ya tisa katuma meseji moja tu, "ulinilazimisha". Shangazi sijampiga, sijamtishia, na hapana hakusema hata mara moja. Si kimya ni kukubali? Na si tulishakubaliana mchana? Nampenda, nisaidie. Wa Tabata.*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na sitakuzungusha, mwenzio kasema kweli. Najua neno lenyewe linakuchoma kwasababu kichwani mwako kulazimisha ni mpaka kuwe na kofi, kisu, mtu anapiga yowe majirani wanagonga mlango, na wewe hujafanya hata kimoja. Lakini mtu akifanyiwa kitu mwilini mwake ambacho hakukitaka saa ile na wala hakuulizwa, huko ndiko kulazimishwa, hata kama chumba kilikuwa kimya na feni inazunguka.

Meseji ya mchana usiitupe, ilikuwa ya kweli. Alikuwa na hamu na wewe saa ile akakwambia. Ila toka pale mpaka saa nne usiku mtu kasimama kaunta masaa mangapi, kagombana na wateja wangapi, kapanda daladala kasimama, labda kapigiwa simu ya nyumbani yenye habari mbaya, labda tumbo linauma, labda hakuna lolote ila hamu tu imeisha kama inavyoisha kwa binadamu yeyote, hata kwako. Wewe hukuyajua hayo kwasababu hukumuuliza, ulikuwa umeshika jibu la mchana mkononi. Ridhaa haikai kama salio la vocha kwamba ukishakwangua linakusubiri mpaka utakapolitumia. Na sio meseji tu, hiyo miaka miwili nayo ni hivohivo, na kujitambulisha kwao pia, na hata mahari ukija kulipa kesho haitanunua usiku hata mmoja. Hata katikati, mmeanza wote mnataka alafu mmoja akasema basi au mwili ukabadilika, ile ndiyo ya mwanzo imeshakwisha, unasimama.

Sasa kimya. Hapa nataka nikae kidogo maana barua za hivi napata nyingi, na wengi wanatumia hayohayo maneno yako. Tumelelewa nayo. Ukanda wetu huu wa pwani yana mzizi wake, posa ikija binti bikira anaulizwa na walii wake na akinyamaza inachukuliwa karidhia, kwasababu haya inamzuia kusema nataka. Lakini angalia vizuri pale pana nini. Kwanza anaulizwa, mtu anakaa mbele yake anamwambia fulani kakuposa unasemaje, na ana nafasi ya kukataa. Pili ni habari ya posa, sio ya kitandani. Na hata hapo wenye elimu ya dini wanasema akilia kwa uchungu kile kimya hakihesabiki. Wewe mwanangu hukuuliza chochote, kwa hiyo hakukuwa na swali ambalo kimya chake kingekuwa jibu.

Alafu kuna kitu wanaume wengi hawakijui na wanawake wengi hukipitia wakabaki wanajilaumu nacho. Mwili ukishtuka au ukiogopa kuna kupigana, kuna kukimbia, na kuna kuganda. Mtu anakakamaa, sauti haitoki, mikono kama sio yake, wengine wanasema walikuwa wanaangalia dari kama vile yanampata mtu mwingine. Hachagui, mwili unajifanyia wenyewe. Watafiti wa Stokholm, Uswidi, walichapisha mwaka 2017 habari za wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura ya waliobakwa ndani ya mwezi mmoja toka yawapate, na 70 katika kila 100 walieleza kuganda huko kwa kiwango kikubwa. Kwa hiyo kusema "mbona hakunisukuma" hakuonyeshi kwamba alitaka. Na mtu anaganda hata kwa anayempenda, pengine zaidi kwake, maana hakutegemea.

Nami nakwambia kitu changu. Nilipoolewa, kungwi wangu alinifundisha mengi mazuri lakini akaniambia mume hanyimwi, ukichoka nyamaza yatapita. Nikanyamaza miaka. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, alidhani nipo sawa, na mimi nilikuwa nahesabu mbao za dari. Siku nilipokuja kumwambia alilia. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu anayemuona mwanaume ni mnyama, nakuandikia kama niliyelala kule ukutani.

Na kule ukutani palikuwa na maneno mengi ingawa mdomo ulikuwa umefungwa. Kageuka, kakupa mgongo. Niambie ukweli, alikushika? Alikusogelea? Mikono yake ilikuwa wapi? Alikubusu au uso ulibaki ukutani? Anayetaka anashiriki, hata kama ni mtu wa haya na asiyeongea, anakuvuta, anageuka, pumzi yake inakuja kwako. Asiyetaka anakuwa mzito kama gunia au mgumu kama ubao, anabana miguu, anazuia pumzi, au anasema "basi fanya haraka", na hiyo haraka usidanganyike ukaiita ndiyo, anataka yaishe. Hivo hivo "haya sawa" inayotoka baada ya kubembelezwa mara ya nne na kununiwa, pale kakubali amani ndani ya nyumba, hajakukubali wewe. Na aliyelala usingizi au aliyelewa mpaka hajielewi hawezi kukubali kitu kabisa, hata kama jioni alikuwa anacheka na wewe.

Ulitakiwa kufanya nini? Kitu cha nusu dakika. Umeona kageukia ukuta, unalala ubavuni bila kumshika huko, unamuuliza "umechokaje leo, unataka tuwe pamoja au tulale?" Angalia hilo swali lina milango miwili na yote iko wazi, halina lawama ndani yake. Sio "leo vipi tena, si ulisema mwenyewe?", hilo ni deni unadai. Akisema tulale, mnalala, na kesho hununi, hurushi vyombo, huulizi una nani. Asipojibu kitu, jibu ni kulala. Watu wananiambia kuuliza kunaua utamu, mi naona wanaosema hivyo hawajawahi kumsikia mtu akiwaambia "ndiyo nataka" sikioni usiku.

Kuhusu sheria nakugusia kwasababu umeandika "hakusema hapana" kama vile ndio kinga. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyobadilishwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinaangalia kama mwanamke aliridhia wakati wa tendo lenyewe, sio mchana wake wala mwezi uliopita, na kifungu hichohicho kinasema haihitajiki kuonyesha alama za kupambana kama majeraha ili ijulikane hakuridhia. Adhabu ni isiyopungua miaka 30. Ndio, sheria yetu imemuacha nje mke wa ndoa isipokuwa waliotengana, na mimi hilo linaniuma kila nikilikumbuka, maana mwili wa mke unaganda vilevile. Kwa hiyo wewe msomaji uliye kwenye ndoa usichukue hilo pengo ukalifanya ruhusa.

Sasa leo. Mwanangu, usiende Mbagala. Usitume shoga yake, mjomba wala mchungaji wako akamwambie arudi mambo ya chumbani yaishe chumbani, na usimtumie hela ukidhani zitalainisha. Mwandikie mara moja tu, kwa maneno yako, kitu kama: "Nimeelewa nilichofanya Jumamosi. Hukutaka na mimi sikukuuliza, nikaendelea. Kosa ni langu, sio lako kwa kunyamaza. Sitakusumbua, ukitaka kuongea nipo, usipotaka naheshimu." Usiweke "lakini" humo, wala "nisamehe basi urudi", wala habari za ile meseji yake ya mchana. Akienda polisi au kwa wazee wake au asiende kokote, hiyo ni yake kuamua, usimtishe wala usimbembeleze asifanye. Na ukitaka kujua uko kwenye hali gani kisheria kaonane na wakili, usimuulize yeye.

Na wewe dada unayesoma hii na yako imetokea jana au juzi, kwako masaa yana kazi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanzwa ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndio vizuri zaidi, na unazimeza siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo mapema ni bora, visizidi siku 5. Nenda hospitali, kama unaweza usioge kwanza na nguo uliyokuwa nayo weka kwenye mfuko wa karatasi, ila hata kama umeshaoga nenda tu. Polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, ndio wanatoa PF3, na sehemu nyingine kuna vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari na polisi unawapata mahali pamoja. Hata kama ni mtu wako wa ndani, hata kama hukusema kitu, wewe nenda.

Wa Tabata, siku akirudi, kama atarudi, usipokee mkoba wake ukaupeleka chumbani. Uliza atalala wapi. Akisema kitandani peke yake, wewe chukua godoro sebuleni, na ukae huko mpaka yeye mwenyewe akuite, na akikuita bado unauliza.